Mtu Aliyesimama Hewani

Ofisini walimwita Sindano, na si kwa sababu ya wembamba. Mama yake alimwonya tangu usichanani kwamba ulimi ule utamkosesha mume. Mume akampata; aliyekosa ni mume, akakosa la kusema. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo chini ya msanifu mmoja mwenye miwani mbili, ya kusomea na ya kudharaulia watu.

Msanifu huyu alipenda jengo lenye uso mtupu. "Kama yai," alisema. Alishajenga yai moja katikati ya mji, ghorofa refu la plasta nyeupe. Viyoyozi? "Vitawekwa baadaye." Baadaye ikafika pamoja na joto. Kila mpangaji akatoboa ukuta alipopenda, mashine za nje zikang'ang'ania kama kupe kwenye sikio la mbwa, na vibomba vya maji vikaachwa vikidondosha juu ya wapita njia. Siku hizi jina la jengo halijulikani. Watu husema, "Tukutane pale Kikojozi."

Sindano alikuwa na sababu nyingine ya kukichukia Kikojozi. Kaka yake, fundi wa viyoyozi, ndiye aliyekipanda. Kule nje hakuna pa kusimama. Hutoka dirishani na kamba kiunoni, ncha ya pili kaifunga kwenye mguu wa kitanda cha mpangaji.

"Mwenye kitanda akikilalia ndiyo salama zaidi," kaka alisema huku akicheka. "Na akiwa mnene, Mungu ambariki."

Sindano hakucheka, na huyo ni mtu anayecheka hata matangani.

Basi kazi mpya ilipoingia, nyumba za kupangisha za mama mmoja mjane, Sindano aliwahi mapema, kabla hata nguzo hazijapangwa. Kila ghorofa akalichorea kibaraza chembamba cha huduma, chenye reli na mlango wake kutoka ukumbini, ili fundi asimwombe mtu dirisha. Mashine akazipanga ubavu kwa ubavu, zipulize joto nje na si kupuliziana usoni. Mbele akaweka pazia la vipande vya alumini vilivyoachana, hewa ipite. Matundu ya mabomba akayaonyesha tangu sasa, kwa sababu boriti ikishamwagwa zege haitobolewi kama papai. Maji ya mashine za ndani akayapa mteremko mpaka bomba moja la wima, lishuke hadi mtaroni. Mwisho, juu ya kibaraza, akachora mtu mdogo mwenye spana.

"Futa hicho kibaraza," Msanifu akasema. "Kinanichafulia uso."

"Mashine zikae wapi, Bosi?"

"Ukutani. Tutaona baadaye."

"Na fundi?"

"Fundi atajua."

"Atajua nini, kuruka?"

"Futa!"

Akafuta. Kibaraza, reli, mlango, pazia, vyote kwaheri. Mashine akazigandisha ukutani kama alivyoamriwa. Mtu akambakiza.

Siku ya kikao mama mjane aliinamia ramani mezani, akaweka kidole. "Huyu naye anafanya nini hewani?"

Msanifu akabadili miwani. "Kosa la mchoraji, Mama. Tutamfuta."

"Si kosa," Sindano akasema. Moyo ulimdunda, lakini ulimi haukuuomba ruhusa. "Niliambiwa nifute kibaraza, sikuambiwa nifute mtu. Na hata nikimfuta hapa, Mama, kiyoyozi kikiharibika atarudi pale pale. Tofauti ni kwamba siku hiyo atakuwa na uzito."

"Sindano! Kibaraza kitaonekana!"

"Kitaonekana vizuri kwa sababu kimechorwa. Mashine zitaonekana hata usipozichora."

Mama hakuinua kidole. "Na maji ya mashine yanakwenda wapi?"

"Hayo tutaona baad—" Msanifu akajikata, lakini neno lilishatoka kichwa na mabega.

"Baadaye," mama akalimalizia. "Nilikwenda kumposea mwanangu, kitambaa kipya kichwani, nikapita chini ya Kikojozi. Nikaingia ukweni kama nimetoka kuoga. Hivi lile jengo alilichora nani?"

Msanifu alizitazama miwani zake zote mbili, hakuona msaada.

"Mrudishieni huyu mtu pa kusimama," mama akasema, "na maji myape njia. La sivyo nitatafuta ofisi nyingine."

Alipoondoka, Msanifu alifoka. "Ningeweza kukufukuza!"

"Ungenifukuza ningetoka mlangoni, Bosi. Mimi ninao."

Hakufukuzwa. Alihamishiwa kuchora vyoo, adhabu kamili, na michoro yake ya kwanza kabisa ilitoka ikiwa na mlango wa kulifikia kila bomba.

Kibaraza nacho kilirudi. Alimwonyesha kaka yake ramani mpya, naye akaisogeza karibu na macho, akanuna.

"Mbona umenichora mnene hivi, dada?"

"Nyamaza," Sindano akasema. "Sasa kibaraza kinakubeba."