Vipimo Safi, Moto Palepale

Magdaline hushona nguo mtaani Olympic akiwa amekalia upande mmoja, maana mlango wa uke wake huwaka kama umeguswa na pasi ya makaa. Kliniki zote alizoenda zilimwambia vipimo ni safi. Mumewe, Obonyo, akasema anajifanya tu. Basi akazidi kujiosha kwa dawa ya kuua viini, na moto ukazidi.

Leo daktari mpya alimgusa hapo kwa kijiti cha pamba, polepole. Magdaline akaruka.

"Hii ni vulvodinia," daktari akasema. "Hakuna mdudu. Neva za hapo zimekuwa kali mno. Acha hiyo dawa, osha kwa maji tu. Matibabu yapo, ila yatachukua muda."

Jioni Obonyo akauliza, "Wamepata nini?"

"Uchungu," akajibu. "Ule ambao ulisema najifanya."