Vuka Salama, Nyumbani Wanakusubiri

Kaulimbiu ilikuwa moja: "Vuka salama, nyumbani wanakusubiri." Wahamasishaji wa usalama barabarani waliniletea mimi, kwa kuwa sauti ya kike kwenye matangazo mengi ya spika hapa Tunduma ni yangu. Walitaka matoleo mawili, la vijana na la wazee.

La vijana halikunisumbua. "Oya mwanangu, acha kukurupuka! Lori halijui wewe ni nani. Cheki kulia, cheki kushoto, home wanakusubiria!" Nikaliwekea mdundo. Haikuchukua muda, bodaboda wakawa wanaliigiza stendi nzima.

Kwenye la wazee ndipo nilipojiona fundi hasa. Niliondoa mdundo, nikashusha sauti, nikasema polepole kwa heshima. Hiyo "wanakusubiri" niliiona kavu, haina upendo, nikaibadilisha kidogo: "Mama, vuka taratibu. Nyumbani tunakusubiri."

Gari la matangazo lilipita Ihanda asubuhi ya ukungu. Bibi yangu, aliyemzaa mama, anaishi huko jirani kabisa na barabara kuu. Kesho yake jirani akanipigia simu: tangu tangazo lipite, bibi hataki kula.

Nilimkuta amekaa mlangoni amevaa kitenge cha kanisani, uji umepoa pembeni yake.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi. Mama yako kapita barabarani, kwenye ukungu. Kaniita nivuke. Kasema nyumbani tunakusubiri, basi hayuko peke yake."

Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Sauti yake siijui.

"Bibi, yule ni mimi. Lile ni tangazo tu."

Alinitazama kwa huruma. "Mjukuu wangu, mimi nisahau sauti ya mwanangu?"

Malori yalikuwa yakinguruma ndani ya ukungu bila kuonekana. Niliogopa, nasema kweli, maana bibi alishajiandaa kwenda. Nilitoa simu palepale nikarekodi upya. Nilitoa "vuka", nikatoa na ile "tunakusubiri", nikarudi kwenye sauti yangu ya siku zote, ya kumtania: "Bibi, simama kwanza lori lipite! Wajukuu hawajala, wanakusubiri uwagawie mboga!" Nikamtumia dereva wa gari la matangazo, nikamsihi aanzie Ihanda.

Gari lilipopita, bibi aliinua kichwa akasikiliza mpaka mwisho. Akacheka.

"Huyu sasa ni wewe," alisema, akavuta bakuli akanywa ule uji wa baridi. Nililia mbele yake bila aibu.

Wahamasishaji waliniambia niifute ile rekodi ya kwanza ya wazee. Sikuweza, kama ndiyo sauti ya mama nitaipata wapi tena? Juzi, nikisubiri kuvuka pale Ihanda, niliiweka sikioni. Mama, vuka taratibu. Nyumbani tunakusubiri.

Honi ya lori ndiyo iliyonishtua. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari kwenye lami.