Miaka Tisa ya Kola

Kabla ya usaili wa kazi mpya, dada yake alimfundisha ajibu kwamba anapenda changamoto. Fundi cherehani huyo akaapa kwamba upuuzi huo hautatoka kinywani mwake.

"Kwa nini unaacha kazi?" meneja wa karakana akamuuliza, akimchokonoa. "Bosi wako tunamjua, mkali kama pilipili."

"Bosi wangu hajanikosea. Alinipokea sijui hata kutunga uzi kwenye sindano. Ila kule kila mtu ana kipande chake, na mimi miaka tisa nashona kola tu. Hapa fundi mmoja anashona nguo nzima. Ndicho kilichonileta."

"Nguo nzima umewahi kushona?"

"Kazini, sijawahi. Hii blauzi niliyovaa nimeshona mwenyewe. Tafuta kosa."

Meneja akaikagua mshono kwa mshono. "Mbona haina kola?"

"Nimeshona za kutosha."