Asiransi ya Mayi

Mama mmoja anayeuza vitenge Kipushi alirudi mara ya tatu kwenye biro yetu ya asiransi, yaani bima, na barua ileile ya kumkatalia malipo. Mvua ilijaza barabara, mayi yakaingia dukani mwake, vitenge vikaoza. Barua yetu ilimwambia kwa Kifaransa kwamba article neuf, kifungu cha tisa, haihusu "eaux de ruissellement", basi. Nani sokoni anaongea hivyo?

Shefu wangu alichoka kumwona. "Mwandikie mu Swahili ya wazi, aelewe, aache kutusumbua."

Nikaandika: "Mama, asiransi yako ya mayi inalipa mayi yanayotoka kwenye bomba, tiyo au robine iliyopasuka ndani ya duka. Mayi ya mvua yanayotoka barabarani na kupita mlangoni, hailipi. Ndivyo article neuf ya mkataba wako inavyosema. Kwako yaliingia mayi ya mvua, kwa hiyo hatutalipa."

Nikajivuna, mjinga mimi.

Aliisoma palepale, amesimama, kidole kikifuata maneno. Akaisoma tena. Halafu akauliza, biro nzima ikisikia:

"Mu duka yangu hamuna robine. Hamuna tiyo. Ajenti wenu aliingia, akaona, akanisainisha. Sasa miaka yote ile mulikuwa munaniuzisha nini?"

Alipotoka, shefu alichukua nakala ya barua yangu, akaipasua.

"Unaona?" akaniambia. "Ndiyo maana tunaandikaka article neuf, mu Kifaransa."