Vyungu Viwili Mahali pa Kimoja

Hadi leo nikiliona neno "mwizi" kwenye skrini, damu hunichemka. Aliyeliandika alikuwa mwenzangu wa kazi, kijana ninayempenda kama mdogo wangu. Aliyeandikiwa alikuwa wakala wa pesa za simu hapa Kyela mjini, mama mtu mzima ambaye kazi yake yote imesimama juu ya kuaminiwa.

Tulikuwa wawili tu, mimi na kijana huyo, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, tukitengeneza gemu. Unaingia ukiwa mhusika wako, unalima mpunga, unafinyanga vyungu, unapiga kasia hadi sokoni Lyulilo kubadilishana mali na wachezaji wengine. Vitu vyako hukaa kwenye begi lenye visanduku. Ukitaka kuhamisha kitu, unakiburuta kwa kidole na kukiachia kwenye kisanduku kingine. Wachezaji hawakuwa wengi, na karibu wote ni watu tunaosalimiana barabarani. Wakala aliwazidi wote. Foleni ikikatika kibandani kwake, alitoa simu yake ya pili akaendelea kufinyanga.

Asubuhi moja ya masika nilikuta ujumbe kwenye kundi la wachezaji. Mwenzangu alikuwa ametaja jina la mhusika wa mama yule, ambalo kila mtu alijua ni la nani, kisha akamalizia: "MWIZI. Anazalisha vyungu. AMEFUNGIWA."

Nilikwenda kibandani kabla sijafika kazini. Dereva mmoja wa bodaboda, naye mchezaji, alikuwa ameegemea kaunta anatoa pesa.

"Mama, hesabu vizuri. Zangu zisije zikazaa huko kwako!"

Watu wawili nyuma yake wakacheka. Mama hakucheka. Alimkabidhi pesa zake, akangoja aondoke, ndipo akanigeukia.

"Ugonile, mwanangu," alinisalimu kwa Kinyakyusa. "Mmeniita mwizi."

"Si mimi, mama. Lakini nieleze, ilikuwaje?"

"Nilikuwa napanga begi langu. Mtandao mzito. Nahamisha chungu, picha yake inabaki palepale. Nakivuta tena, nakiweka pengine. Baadaye naona viwili. Nikadhani gemu lenu limenipa zawadi."

Vidole vya wakala havisubiri. Kutwa nzima vinabonyeza namba. Nilimwamini, lakini kumwamini hakungemsaidia. Nilitaka kuona.

Nilipofika kazini niliufungua msimbo wa kuhamisha vitu, alioandika mwenzangu, na nikaona tatizo mara moja. Niruhusu nilieleze polepole, maana ni rahisi. Ukiachia chungu, simu yako inaiambia seva, kompyuta yetu inayotunza mabegi yote: hamisha kutoka kisanduku cha kwanza kwenda cha pili. Seva yetu ilitazama kisanduku cha kwanza, ikaona chungu, ikakiandika kwenye cha pili, na mwisho kabisa ndipo ikakifuta kwenye cha kwanza. Kati ya kuandika na kufuta kulikuwa na upenyo mdogo. Ukiwahi kutuma ombi jingine ndani ya upenyo huo, kwamba chungu hichohicho kiende kisanduku cha tatu, seva inatazama cha kwanza, inakuta bado kimejaa, inaandika tena. Kisha inafuta mara mbili mahali palepale. Chungu kimoja kimeondoka, viwili vimezaliwa.

"Kwa nini unaweka kwanza ndipo unatoa?" nilimuuliza.

"Unakumbuka yule aliyepotelewa na mtumbwi?" alisema. "Nilikuwa natoa kwanza, umeme ukakatika katikati, mtumbwi haukuonekana tena. Alitutukana wiki nzima. Nikageuza. Bora kitu kizidi kuliko kipotee."

Sikumlaumu kwa hilo. Kwa umeme wetu ningeweza kufikiria vivyo hivyo.

"Kwa hiyo ulijua kinaweza kuzidi."

Akageuzia macho kwenye skrini yake.

"Ulijua, na bado ukamwita mwizi?"

"Dada, yeye ndiye aliyevuta mara mbili. Sikumshika mkono. Halafu nimesharekebisha. Nimezuia vidole: ukiachia kitu, simu inakataa kuburuta tena mpaka nusu sekunde ipite."

Hapo ndipo nilipogonga meza. Zuio la nusu sekunde lilikuwa kwenye simu, na ugonjwa ulikuwa kwenye seva. Seva yenyewe ikielemewa, upenyo ule unapanuka kupita nusu sekunde. Nilituma maombi mengi kwa pamoja ili kuichosha, nikachukua simu yangu, nikaburuta, nikahesabu moja, nikaburuta tena. Vyungu viwili. Nikamwekea simu mbele ya pua.

"Haya, niandike na mimi kwenye kundi."

"Unanidhalilisha, dada."

"Ninakudhalilisha humu ndani, tuko wawili. Wewe umemdhalilisha yeye mbele ya wateja wake."

Kila kitu kwenye gemu letu hupewa namba yake kinapotengenezwa, na nakala ilibeba namba ya chungu cha asili. Nilitafuta namba zilizojirudia katika mabegi yote. Zilikuwa kwa wachezaji kadhaa, wengine hawana habari kabisa. Kwenye begi la mhusika wangu mwenyewe kulikuwa na makasia mawili yenye namba moja. Nilimgeuzia skrini.

"Nifungie."

Alivuta kiti, tukaanza kazi. Tuliunganisha kuweka na kutoa viwe tendo moja: ama vyote vinafanyika ama hakuna kinachofanyika, hata umeme ukikatika katikati. Tena maombi ya begi moja yakapangwa foleni. La pili halisomi kitu mpaka la kwanza liishe. Likifika zamu yake linakuta kisanduku kitupu, linakataliwa. Namba zilizojirudia tukaziachia kitu kimoja kimoja, kwa kila mtu.

Ilipofika jioni akamfungua mhusika wa mama na kuandika kwenye kundi: "Hitilafu imerekebishwa. Endeleeni kucheza." Basi. Hasira yangu ikarudi upya. Nilimwambia hilo si neno la kumwondolea mtu jina la mwizi. Akasema tukijieleza sana tutaonekana hatujui kazi.

Kesho yake nilimwomba mama aje. Nilimpa simu yenye gemu jipya, nikaichosha tena seva, nikamwambia, "Iba, mama." Akacheka kwa mara ya kwanza. Vidole vyake viliruka kama mvua kwenye bati, akaburuta na kuachia, akarudia na kurudia. Chungu kilibaki kimoja.

"Ndaga," alinishukuru. Kisha akamgeukia kijana. "Sasa waandikie."

"Niliandika jana, mama."

"Uliandika habari za gemu. Mimi sijaandikwa."

Akaanza kuandika "mchezaji mmoja". Mama alikuwa amesimama begani kwake.

"Taja jina la mhusika wangu. Ulilijua ulipokuwa unanitukana."

Alilitaja. Aliandika kwamba mama hakuiba, kwamba kosa lilikuwa kwenye gemu, na kwamba yeye aliyeandika msimbo anaomba radhi. Mama akausoma mpaka mwisho. "Neno lile lilikuwa kwa herufi kubwa," alisema. Kijana akafuta, akaandika HAKUIBA.

Siku chache baadaye nilipita kibandani. Dereva yuleyule alikuwa kwenye kaunta, na utani wake uleule.

"Mama, zikizaa tugawane!"

"Umesoma ujumbe wa pili?"

"Upi tena?"

Mama aliacha kuhesabu, akanyoosha mkono. "Lete simu."

Alimfungulia kundi, akautafuta ujumbe, akamrudishia. Foleni nzima ikageuka kumtazama.

"Soma kwa sauti," alimwambia. "Ukimaliza nitakuhudumia."

Akasoma.