Mwenzangu Aliyetoka Nje Kila Mjadala Ulipoanza

Mimi simwamini mtu anayenipangia kazi huku anatabasamu. Yule kijana niliyepangiwa kufundisha naye alikuja ofisini kwetu Mbinga akitokea Songea, akaisoma ratiba niliyoiandaa kwa mafunzo ya kijiji cha Kihagara, akasema, "Shikamoo tena, Mama. Hii ni nzuri, ila tuikatekate kidogo." Tuikatekate! Miaka yote nimefundisha kwa mtindo mmoja: asubuhi naeleza, mchana wanauliza, jioni tunasali tunaagana. Hakuna aliyekufa.

Alitaka maelezo yawe mafupi, kama robo saa hivi, kisha watu wakafanye kwa mikono yao, kisha warudi wajadili walichokiona. Maelezo yanayofuata yaanzie pale mjadala ulipoishia, na mzunguko urudie. Baada ya chakula tusiweke maelezo kabisa, maana mtu aliyeshiba ugali anasikia usingizi tu, tuweke vitendo. Nilitafuta la kubisha nikakosa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Halafu akagawa kazi. "Maelezo nitachukua mimi. Mijadala yote, Mama, chukua wewe."

Hee! Sikuzaliwa jana. Maelezo ni mteremko, unasema ulichokiandaa na kukaa chini. Kwenye mjadala ndiko mwezeshaji anakoaibika, kwa sababu hujui nani atasema nini, au kama kuna atakayesema. Na bosi alikwishatutangazia kwamba siku ya pili angekuja kututazama, achague mmoja wa kuendelea na mafunzo Mbaha na vijiji vingine vya ziwani. Nafasi ilikuwa moja. Mkataba wangu ulikuwa ukingoni, na nisipochaguliwa narudi shambani kupalilia kahawa. Nikajisemea, huyu mtoto ana lake jambo.

Tukateremka Kihagara. Mafunzo yalikuwa ya kukausha usipa, wale samaki wadogo wanaoanikwa pwani, na tulipewa ukumbi wa kanisa. Walikuja akina mama wengi na wanaume wachache. Mwenyekiti wa akina mama hao alikuwa bibi mmoja mwembamba. Kijana alipoanza maelezo, yule bibi alikwenda kona ya mwisho, akajifunika kanga kichwani, akageukia ukutani. Nikafikiri anatudharau. Nikagundua pia kwamba kijana, aliyeeleza vizuri kweli, hakutupa jicho kwenye kona ile hata kidogo.

Kwenye vitendo tulikwenda ufukweni. Kikundi kimoja kilianika usipa juu ya mchanga kama walivyozoea, kingine kikawatandaza kwa wembamba juu ya kichanja cha wavu, na cha tatu kikawalundika juu ya kichanja hichohicho. Kikundi cha bibi nilisukumiwa mimi. Baada ya jua kufanya kazi yake tukarudi ukumbini na usipa wa kila kikundi kwenye ungo, nami nikaanza mjadala. Mmeona nini? Kwa nini imekuwa hivyo? Kesho nyumbani kwako utafanyaje?

Papo hapo kijana akatoa simu mfukoni akatoka nje, mpaka kule kwenye mitumbwi.

Na bibi akageuka! Kanga ikashuka mabegani, akatafuna usipa wa mchangani, akatema, akasema, "Jamani, hizi chengachenga ndizo tunawauzia watu?" Ukumbi ukacheka, kisha ukachemka. Mmoja akasema wa kichanjani wamekauka kwa sababu upepo unapita na chini. Mwingine akambishia kwamba mbona waliolundikwa wako kichanjani na katikati wanateleza. Wakafika wenyewe kwenye jibu: kichanja peke yake hakitoshi, lazima uwatandaze. Mjadala ulikuwa mtamu, lakini akili yangu ilikuwa kwenye mitumbwi. Anaongea na nani? Nikajijibu: na bosi, nani mwingine, ananichongea. Mjadala uliofuata alitoka tena, na uliofuata pia. Nililala na hasira.

Siku ya pili bosi akafika, akaketi nyuma. Kijana akamaliza maelezo, tukafanya vitendo, tukarudi ukumbini. Nikamwahi mlangoni.

"Leo hutoki."

"Mama, nakuomba..."

"Huniombi kitu. Kaa hapa nikuone."

Akakaa kwenye benchi la mlangoni akitazama viatu vyake. Nikawageukia akina mama kwa bashasha. Mmeona nini?

Kimya.

Nikauliza kwa njia nyingine. Kimya. Wote walimtazama mwenyekiti wao, naye alikuwa ameutazama ukuta, kanga imefunika hadi paji la uso. Bosi akakohoa. Nikajua tayari, wamenipangia njama hawa. Mara bibi akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja wakiacha nyungo zao chini.

Nikamkimbilia nje nikiwa nimewaka. "Bibi, shikamoo, lakini nimewakosea nini?"

"Marahaba. Mwanangu, umemweka mkwe wangu mlangoni, halafu unataka mimi nipayuke? Yule kamuoa binti yangu. Kwetu hata kula mbele yangu hajawahi. Nitabishanaje na watu mbele yake?"

Loo! Ratiba yote ikanijia upya. Maelezo alichukua yeye kwa sababu wakati huo mama mkwe anaweza kunyamaza na kujifunika. Vitendo viko nje, kila mtu na kikundi chake. Mjadala unataka bibi aseme, kwa hiyo yeye lazima atoke. Ile simu ilikuwa ya kushika tu mkononi.

Nikarudi ukumbini. "Toka," nikamwambia. Bosi akatoa macho. Kijana alitoka karibu kukimbia, akina mama wakarudi, na mjadala ukawaka hadi tukachelewa chakula.

Bosi akaniita pembeni. "Mama, huyu kijana anakimbia mijadala. Nimeona. Naona uendelee wewe peke yako."

Nilitaka kunyamaza. Nasema wazi, nilitaka kabisa. Ningetikisa kichwa tu na pwani yote ingekuwa yangu. Lakini nilijua wale mama wasingekuwa na la kubishania kama yeye asingekata ratiba yangu vipandevipande. Nikamweleza bosi habari ya mkwe. Akacheka mpaka akafuta macho, kisha akasema, "Basi nendeni wote. Ila nafasi ni ileile moja, malipo mtagawana." Nusu kwa nusu. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nilimfuata kijana kwenye mitumbwi. "Mbona hukuniambia?"

"Ofisi ingejua nina wakwe hapa ingeniondoa. Na habari za mama mkwe, Mama, mtu unaanzia wapi kuzisema?"

"Unaanzia mwanzo," nikamwambia. Sikumwomba radhi. Angesema.

Tulipokuwa tunapakia vitu kwenye gari, bibi aliniita nyuma ya kanisa. Akanipa kifurushi cha usipa, wale wa kichanjani, kimefungwa vizuri. "Mpelekee. Mwambie ameeleza vizuri, nimesikia yote."

Nilikinusa kwanza, mimi ni yuleyule. Kisha nikampelekea na kumpa ujumbe. Kijana akaweka simu chini, akapiga goti, akakipokea kwa mikono miwili, uso ameugeuzia pembeni, kama vile aliyesimama mbele yake hakuwa mimi.