Kichwa Nilichokiandika Chini

Mimi si mtu wa kukosolewa, bora niliseme mapema. Nimefanya kazi ya ukunga miaka mingi katika zahanati ndogo ya upande wa Jego, na miaka yote hiyo nimesifiwa mikono. "Yule sista ana mikono," wanawake huambiana kwenye benchi, nami hujifanya sikusikia huku masikio yamenisimama.

Mikono hiyo sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa chuoni na mama mmoja wa bara, mkali kama pilipili mbuzi, aliyetufunza kupapasa tumbo la mjamzito kwa mishiko minne. Wa kwanza juu, kwenye kilele cha mfuko wa uzazi. Wa pili ubavuni, huku na huku. Wa tatu chini, juu ya mfupa wa kinena. Wa nne unageuka, unaitazama miguu ya mama, unateremsha mikono miwili kuelekea nyonga. Aliyeruka mmoja aligongwa vidole kwa kalamu. "Anza juu!" alikuwa akisema. "Ukianza chini utapata unachokitaka, si kilichopo."

Nami nikaja kuwa mtu wa kuanza chini. Haikuwa siku moja. Siku za kliniki benchi hujaa hadi uani, jua linapanda, watoto wanalia, na mimba nyingi za miezi ya mwisho kichwa huwa chini kweli. Basi nikawa nabana pale juu ya kinena, napata kitu cha duara, naandika "kichwa", naita mwingine. Mara mia hukosei, ukadhani huwezi kukosea.

Mwanamke ninayemkumbuka alikuwa na mimba ya wiki thelathini na sita, mpole, mumewe baharia, wakati huo yuko melini. Mimba yake ya kwanza niliijua. Mtoto alikuja makalio mbele, nyumbani, mwili ukatoka na kichwa kikakwama ndani. Walimzika siku hiyohiyo. Ndiyo maana safari hii nilikuwa nimeshawaambia, yeye na mavyaa yake, yaani mama mkwe wake, kwamba atazalia hospitali kubwa Msambweni, na wiki za mwisho akakae huko kwa shangazi yake asije akakamatwa na uchungu mbali. Mavyaa aliitikia, lakini kwa shingo upande.

Siku hiyo mama wa watu alikuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Sikumwambia aende msalani kwanza. Alipolala kitandani nilibana chini moja kwa moja, nikapata uduara, nikaandika.

"Sista," akasema, "nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, kuna kitu kigumu hunidunga hapa chini ya mbavu. Kama kifuu."

"Ni miguu hiyo. Anakupiga mateke."

"Mateke nayasikia huku chini, karibu na kibofu."

"Mwanangu, mimi na wewe nani mkunga?"

Nilipoweka kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo, nikayapata juu ya kitovu, mahali ambapo mapigo ya mtoto wa kichwa chini kwa kawaida hayasikiki vizuri. Hata hilo nikalitafutia sababu: nikasema kichwa bado hakijashuka. Loo, mtu akijiamini hakosi kisingizio!

Wiki moja baadaye, si siku ya kliniki, wakaja wote wawili. Mavyaa ametangulia na kitabu cha kliniki mkononi, mkamwana wake nyuma, macho mekundu kwa kulia.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hebu nisaidie. Huyu amenisumbua roho siku tatu, anataka kwenda Msambweni kwa shangazi yake. Nami nimemwonyesha hapa, kwa mkono wako wewe, kichwa kiko chini. Yule wa kwanza alikaa vibaya, huyu amekaa vizuri. Sasa aende kufanya nini? Atazalia nyumbani, mimi nipo. Mwambie."

Nilikitazama kitabu. Mwandiko wangu ule, mzuri, wa kujidai. Nilichoandika kwa haraka ndicho kilichokuwa kinamzuia asiende. Nikamtazama yule mjamzito, akaniangalia, mkono ameuweka chini ya mbavu.

"Nenda msalani kwanza, mamangu," nikamwambia. "Kisha njoo ulale."

Alipolala nikampa mto, nikamkunjisha magoti kidogo ili tumbo lilegee, nikasugua viganja vyangu vipate joto. Nikaanza juu.

Mkono mmoja huku, mwingine kule, vidole vimepinda kufuata kilele cha tumbo. Chini ya mbavu zake nikakutana na kitu kigumu, cha duara, kisicho na pembe. Nikakisukuma kidogo kwa kidole. Kikacheza chenyewe, mwili umetulia. Kichwa kina shingo, ndiyo maana hucheza peke yake, na makalio hayana shingo, ukiyasukuma yanakwenda na mwili mzima. Nikakisukuma tena nikiomba Mungu niwe nimekosea. Kikacheza.

Mshiko wa pili. Mkono wa kulia ukatulia, wa kushoto ukapapasa, kisha nikabadilisha. Upande mmoja mgongo, umenyooka, mgumu, bila mapengo. Upande wa pili vitu vidogovidogo vya kukwepa, mikono na magoti. Basi mtoto amelala wima, hakukingama. Hilo lilikuwa jema.

Mshiko wa tatu, palepale nilipojidanganya. Safari hii kibofu kilikuwa kitupu. Kidole gumba upande huu, vingine upande ule, nikabana taratibu. Pana, laini, hakuna ukingo. Nilipokitikisa, tumbo zima likafuata. Wiki iliyopita nilibana kibofu kilichojaa pamoja na makalio ya mtoto, nikayapa jina la kichwa!

Wa nne, nikageuka kuitazama miguu yake. Mikono ikateremka huku na huku, na vidole vyangu vikakaribia kukutana chini ya kile kilichotangulia. Maana yake hakijaingia nyongani, bado kinaelea. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nikapumua. Mtoto ambaye hajaingia nyongani bado ana nafasi ya kugeuzwa.

Nikamfunika leso. Hapa pangekuwa na njia ya kujitoa. Ningesema mtoto amegeuka mwenyewe wiki hii, na hakuna ambaye angenikatalia, maana watoto hugeuka. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, wallahi. Lakini yule mama alikuwa ameniambia kila kitu wiki iliyopita, na mimi nikamnyamazisha.

"Kichwa kiko juu," nikasema. "Na wiki ile kilikuwa juu vilevile. Nilipima vibaya, nilianza chini badala ya kuanza juu. Wewe ulisema kweli, mimi sikukusikiliza. Nisamehe."

Akaanza kulia, lakini si kwa hasira. "Nilijua," akasema. "Nilijua, sista. Nilidhani nina wazimu."

Mavyaa alisimama ghafla. Nilingoja matusi na nilistahili. Badala yake akasema, "Nionyeshe." Nikauchukua mkono wake, mkavu wa kazi, nikauweka chini ya mbavu za mkamwana wake. Akapapasa. Kichwa kikacheza kidogo chini ya vidole vyake.

"Laa ilaha illallah," akasema polepole. "Na yule wa kwanza nilimpokea mimi." Akakaa kwenye kiti changu bila kuomba ruhusa. Ndipo nilipofahamu kwamba alitaka mno kichwa kiwe chini, tena kuliko sisi sote.

Punde tu akainuka. "Basi nitamkanda. Mafuta ya nazi yapo. Nitamgeuza leo leo."

"Usithubutu!" Sauti yangu ilifika hadi uani. "Kondo la nyuma linaweza kubanduka, mtoto akafa humo humo. Anayemgeuza ni daktari, kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, anatazama kwa picha, anasikiliza moyo. Akikataa kugeuka, atatolewa kwa upasuaji, naye atatoka mzima. Wewe kazi yako ni kumsindikiza."

Nilipitisha mstari mmoja juu ya neno "kichwa", nikaandika juu yake "makalio", nikatia saini. Sikulifuta neno la kwanza lisisomeke. Walisomao waone. Nikaandika barua ya rufaa, nikapiga simu Msambweni, na asubuhi iliyofuata wakaondoka wote wawili, mavyaa kabeba mkoba.

Siku zile nilikuwa na hasira na kila mtu, hasa kalamu yangu. Simu ikilia naruka. Siku ya nne mkamwana akanipigia mwenyewe. Daktari alimpima, akaona maji yanatosha na kondo liko mahali pema, akampa dawa ya kulegeza mfuko, akamsukuma mtoto taratibu kwa mikono, makalio kuelekea juu, kichwa kuelekea chini. "Kama kugeuza mkate wa sinia, sista, ila kunauma," akasema akicheka. Wakamweka saa kadhaa wakiusikiliza moyo wa mtoto, kisha wakamruhusu aende kwa shangazi.

Wiki iliyofuata nilikuwa na ruhusa, nikaenda kwetu Msambweni, nikapita kumwona. Alijilaza mwenyewe kitandani kwa shangazi. "Nimeshatoka msalani," akasema kabla sijauliza. Mavyaa akasimama pembeni, mikono kiunoni, akinitazama vidole.

"Anza juu," akaniambia.

"Naanza juu, mama."

Juu, makalio, pana na laini. Ubavuni mgongo, upande wa kushoto. Chini, kichwa, na nilipokibana hakikutaka kucheza sana. Nikageuka kwa mshiko wa nne. Upande ulio kinyume na mgongo vidole vyangu vikagonga paji la uso mapema, ishara kwamba kidevu kimeinama kifuani vizuri. Kisha mikono, badala ya kukutana, ikaachana: kichwa kilikuwa kimeanza kuingia nyongani. Nilifurahi nusura nilibusu lile tumbo.

Akajifungua siku chache baadaye, hospitali, kichwa mbele, mtoto wa kike aliyelia kabla miguu haijatoka. Mavyaa ndiye aliyenipa habari kwa simu, akirudia mara tatu kwamba amelia.

Wakaja zahanati kwa chanjo ya wiki ya sita. Benchi lilikuwa limejaa vilevile, na mimi siku hizi ninachelewa kumaliza, watu wananung'unika, wacha wanung'unike. Nikampokea mtoto ili nimpime uzito. Kichwa chake kikatua kwenye kiganja changu, kigumu, cha duara, chenye joto, na mkono ukakitambua kabla yangu mimi. Machozi yakanitoka mbele za watu.

Mama yake akakifunika kwa ncha ya leso. "Ndicho kile kifuu changu, sista," akasema.